Mteja wa lebo za asali amenyamaza baada ya kupokea bei yangu: kosa liko wapi?

#1 Kalamu_ya_Sinza (Juni 18)

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni msanifu michoro wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, na ninaomba mnisaidie kulisoma jibu nililomwandikia mtu ambaye bado hajawa mteja wangu. Juni 9 nilipokea maelezo ya kazi kutoka kwa kampuni ndogo ya wasindikaji wa asali ya Tabora. Wanataka nembo mpya, lebo za chupa za ujazo wa aina tatu, yaani gramu 250, gramu 500 na kilo 1, pamoja na mchoro wa katoni, na vyote viwe tayari kwa maonyesho ya Nane Nane. Mwisho wa barua waliandika: "Tujulishe gharama zako na muda utakaotumia." Nilijibu Juni 13, na leo ni siku ya tano sijasikia lolote. Jibu lenyewe ni hili:

> Ndugu, nimepokea maelezo yenu na ninashukuru kwa kunifikiria. Nina uzoefu wa miaka sita katika usanifu wa nembo, vipeperushi, kalenda na mabango. Gharama ni kama ifuatavyo: nembo shilingi 500,000, lebo tatu kwa shilingi 150,000 kila moja, katoni shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 1,150,000. Kazi itachukua wiki mbili hadi tatu, na nitafanya marekebisho mpaka mridhike. Malipo ya awali ni asilimia 50. Karibuni sana.

Mimi ninaamini tatizo ni bei, na ninafikiria kuwaandikia tena niishushe hadi laki tisa. Mnasemaje?

#2 Nahodha77

Usishushe hata senti kabla hawajalalamika. Ukishusha bei mbele ya mtu aliyekaa kimya, unamwambia kwamba ile ya kwanza ulikuwa unambahatisha. Kimya si neno la kukataa, huenda bwana asali yuko porini anapakua mizinga na simu haishiki mtandao.

#3 Mzee wa Hesabu

Kijana, mimi naona umejipunja mwenyewe. Kampuni ikikulipa kwa huduma, hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo shilingi zako 1,150,000 hutaziona zote. Ongeza asilimia 5 juu, ifike 1,207,500, kisha uongeze VAT ya asilimia 18, ndipo utoe jumla. Wateja makini hupenda kuona kodi zimeandikwa, kwa sababu hujua wanashughulika na mtu anayejielewa.

#4 SabuniZaNyumbani

Ninaandika nikiwa upande wa pili wa meza, kwa kuwa mimi ni mtengenezaji mdogo wa sabuni huku Mwanza na mwaka jana niliomba bei kwa wasanifu wanne. Nitawaambia kwa nini sikuwajibu wawili kati yao. Wa kwanza alinitumia faili zito ambalo simu yangu ilikataa kulifungua, nami nikaona aibu kumwambia alitume upya. Wa pili alinijibu haraka, lakini katika barua yake yote hakukuwa na neno "sabuni". Nilihisi angeweza kumtumia barua hiyohiyo mwenye duka la matairi. Samahani ndugu Kalamu, ila hata katika barua yako neno "asali" halimo, na "Nane Nane" pia haimo.

#5 Kalamu_ya_Sinza

Dada wa sabuni, nimerudi kuisoma mara mbili na kweli halimo. Umenichoma, lakini ahsante.

#6 Bi Chapa

Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka kumi na minne kabla ya kuanza kusanifu mwenyewe, kwa hiyo nitaanzia pale ambapo kazi hizi hukwamia, nako ni kwenye tarehe. Bei yako, Kalamu, si kosa kubwa. Kosa ni "wiki mbili hadi tatu", kwa sababu mteja hajakuuliza kazi itakula wiki ngapi. Amekuuliza kama siku ya maonyesho chupa zake zitakuwa zimevaa lebo.

Hesabu kama hii hufanywa kwa kurudi nyuma. Maonyesho huanza Agosti 1, na kilele ni tarehe 8. Ili chupa ziwe mezani asubuhi ya Agosti 1, wape siku nne za kubandika lebo na kupanga katoni, maana wadogo wengi hubandika kwa mkono. Hapo uko Julai 28. Toa siku mbili za mzigo kusafiri kwa basi kutoka Dar hadi Tabora, unabaki na Julai 26. Toa siku kumi za mchapaji, ukihesabu humo sampuli ya kwanza, mteja kuiona na kuikubali, kisha uchapaji wenyewe na ukataji. Sasa uko Julai 16. Hiyo ndiyo tarehe yako ya mwisho, siku ambayo faili kamili ziko mikononi mwa mchapaji. Leo ni Juni 18, kwa hiyo una siku 28, na katikati yake kuna Saba Saba ambayo ni sikukuu.

Ukimwandikia mteja "wiki mbili hadi tatu", naye hajui kwamba kuna siku kumi za mchapaji nyuma yake, atadhani ana muda mwingi na atakujibu mwezi ujao. Inawezekana kabisa kwamba amenyamaza kwa sababu umemwambia, bila kukusudia, kwamba hakuna haraka.

#7 Karani Mstaafu

Maelezo ya Bi Chapa ni mazuri, lakini mimi nilikaa idara ya ununuzi kwa muda mrefu na ninakuja na sababu nyingine kabisa. Ofisi nyingi, hata ndogo, hasa zile zilizopata ruzuku au mkopo wa mradi, hutakiwa kukusanya kotesheni tatu kabla ya kumlipa mtu yeyote. Inawezekana wamekwisha kumchagua msanifu wao, na wewe ni karatasi ya pili au ya tatu ya kujaza jalada. Dalili yake ni maelezo ya kazi yaliyo mafupi mno, na swali linaloulizia gharama na muda tu, bila kutaka kuona kazi zako za nyuma. Je, waliomba kuona sampuli za kazi zako?

#8 Kalamu_ya_Sinza

Hawakuomba, Mzee Karani. Lakini hata mimi sikuwaonyesha.

#9 Mgeni wa Jukwaa

Jamani, kama ni asali ya Tabora, mimi ninayo ya nyuki wadogo, lita tano. Mwenye kuhitaji anione. Na huyo anayelipa milioni moja kwa karatasi ya kubandika kwenye chupa, nani huyo? Mimi lebo zangu nilichapishiwa stesheneri kwa shilingi mia mbili moja.

#10 Nahodha77

Mgeni, hapa haiuzwi asali wala haizungumzwi bei ya kuchapa. Shilingi mia mbili ni gharama ya karatasi na wino. Kalamu anauza mchoro, ambao ukishakamilika unaweza kuchapwa mara elfu kumi.

#11 Bi Chapa

Nahodha amejibu vyema, ingawa Mgeni bila kujua ametuonyesha jambo ambalo halimo kwenye jibu la Kalamu. Kama Mgeni ameweza kuchanganya kusanifu na kuchapa, mteja wako naye anaweza. Barua yako haisemi popote kwamba milioni moja na ushei haijumuishi uchapaji. Nimewahi kushuhudia mteja aliyelipa kianzio, kisha siku ya mwisho akauliza, "Lebo zangu elfu tatu ziko wapi?" Msanifu alikuwa amempelekea faili tu. Wote wawili walikuwa wakweli, na wote wawili waliumia.

#12 MwanaKisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nimeisoma hoja ya Mzee wa Hesabu katika namba 3, na ingawa mimi si mhasibu, kuna sehemu inanitatiza. Mtu ambaye hajasajiliwa kwa VAT anawezaje kuitoza? Huku kwetu jambo hilo lingemletea matatizo.

#13 Mhasibu wa Kona

Ni vivyo hivyo Tanzania. Usajili wa lazima wa VAT kwa Tanzania Bara huanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na asiyesajiliwa haruhusiwi kuiandika kwenye ankara. Sidhani kama Kalamu amefika huko, na akifika atatualika chakula.

Kuhusu kodi ya zuio, Mzee wetu yuko sahihi kwamba kampuni hukata asilimia 5 kwenye malipo ya huduma za mkazi, lakini amekosea mambo mawili. Hesabu yake haifiki: asilimia 5 ya 1,207,500 ni 60,375, kwa hiyo mkononi itabaki 1,147,125, ambayo bado haijafika 1,150,000. Anayetaka 1,150,000 kamili agawanye kwa 0.95, atapata takribani 1,210,526. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Fedha hiyo haijapotea. Mteja anapaswa kukupa cheti cha zuio, na kiasi hicho huhesabika kuwa kodi uliyokwisha kulipa. Ukimpandishia bei kwa ajili yake, unamfanya mteja akulipie kodi yako ya mapato. Andika tu kwamba bei ni kabla ya kodi ya zuio na kwamba utahitaji cheti.

#14 Mzee wa Hesabu

Nimekubali kuhusu VAT na kuhusu kugawanya. Kuhusu cheti sijakubali, kwa sababu katika maisha yangu nimeahidiwa vyeti hivyo mara nyingi kuliko nilivyovipokea. Mtu mdogo anayefuatilia cheti Tabora kutoka Sinza atatumia nauli kubwa kuliko kodi yenyewe. Mimi ningeongeza.

#15 Kalamu_ya_Sinza

Naomba turudi kwenye bei, maana bado roho haijatulia. Kusema kweli, ile 1,150,000 sikuipiga hesabu. Niliuliza rafiki mmoja anatoza kiasi gani, nikapunguza kidogo.

#16 Bi Chapa

Nilishuku hivyo. Basi tuihesabu hapa, na unisahihishe pale ambapo makadirio yangu hayafanani na maisha yako. Tuseme kodi ya chumba, umeme, intaneti, chakula, nauli na akiba ya kununulia kompyuta nyingine vinakutaka shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Saa unazoweza kumtoza mtu si saa zote unazokaa kwenye kiti. Ukiondoa muda wa kutafuta wateja, kuandika barua kama hii, kukatika kwa umeme na kufuatilia madeni, mtu wa kujitegemea akipata saa 80 za kulipwa kwa mwezi amefanya vizuri. Gawanya, unapata shilingi 15,000 kwa saa. Chini ya hapo unaishi kwa kukopa.

Sasa kazi yenyewe. Nembo, kuanzia michoro ya penseli hadi faili la mwisho, nimeipa saa 26. Lebo ya kwanza ni saa 14, kwa kuwa humo ndimo unapoamua mpangilio wote. Lebo mbili zinazofuata ni saa 6 kila moja. Katoni saa 12, na kushughulika na mchapaji saa 8. Jumla ni saa 72, ambazo kwa 15,000 ni shilingi 1,080,000. Kwa hiyo bei yako ya kubahatisha imeangukia mahali pazuri, na imekuachia shilingi 70,000 za dharura.

Kinachoiua ni yale maneno "mpaka mridhike". Marekebisho yakikuongezea saa 20 tu, na kwa kikundi chenye wakurugenzi wanne saa 20 ni kitu cha kawaida, utakuwa umefanya saa 92 kwa bei ileile, na saa yako imeshuka hadi 12,500. Usishushe bei hadi laki tisa. Weka ukomo kwenye marekebisho.

#17 Kasuku Mweupe

Mimi sikubaliani na hesabu za saa. Mteja hanunui saa zako. Mwenye asali anayeuza chupa mia tano kwa mwezi na mwenye asali anayepeleka kontena nje ya nchi wanahitaji lebo inayochukua saa zilezile, lakini thamani yake kwao haifanani hata kidogo. Ningemuuliza kwanza anazalisha kiasi gani, kisha ndipo nitaje bei. Kwa maoni yangu, mteja amenyamaza kwa sababu ametajiwa bei kabla ya kuulizwa swali hata moja.

#18 SabuniZaNyumbani

Kasuku, ungeniuliza mimi ninazalisha kiasi gani kabla ya kunitajia bei, ningekimbia. Ningejua unapima mfuko wangu.

#19 Kasuku Mweupe

Ni kweli swali hilo linategemea linavyoulizwa. Hata hivyo, daktari naye huuliza kabla ya kuandika dawa.

#20 Nahodha77

Daktari hakuulizi una shilingi ngapi ndipo akuambie unaumwa nini. Ingawa wapo.

#21 Bi Chapa

Kuna maswali ya kuuliza ambayo hayamtishi mtu, na yanahusu mchoro moja kwa moja. Chupa ni ya mviringo au ya pande nne? Je, wana namba za bakodi? Kila ujazo huhitaji namba yake, kwa hiyo hapa ni namba tatu, na katoni nayo ina yake. Namba za Tanzania zinazotolewa na GS1 huanza na 620, na si kazi ya msanifu kuzibuni. Nimewahi kupokea kiwandani lebo ambayo msanifu alinakili bakodi kutoka kwenye pakiti ya biskuti "ili ionekane imekamilika".

Kuna na ukubwa wake. Bakodi ya kawaida yenye tarakimu 13 ina upana wa karibu milimita 37, na inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani karibu milimita 30. Kwenye lebo ya chupa ya gramu 250 hiyo ni nafasi kubwa, na kama chupa ni nyembamba na ya mviringo, milia inabidi ilazwe kama vidato vya ngazi ili mashine isiisome kwenye mkunjo. Wasanifu wengi wa lebo za asali hupenda kuichapa kwa rangi ya dhahabu au ya kahawia ili ifanane na asali. Mashine nyingi za kusomea hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo rangi hizo hufifia, hivyo milia haionekani. Nyeusi juu ya nyeupe haijawahi kunirudishia kazi. Ndiyo maana nilitoa saa 6 kwa kila lebo ya nyongeza, kwani si suala la kuvuta pembe na kupunguza.

Vilevile waulize kama wana leseni ya kutumia alama ya ubora ya TBS. Kama hawana, alama hiyo haiingii kwenye mchoro, hata wakikubembeleza.

#22 Mhasibu wa Kona

Kama lebo mbili za nyongeza ni rahisi kuliko ya kwanza, kwa nini Kalamu atoze 150,000 kwa kila moja? Mteja mwerevu ataona kwamba analipa mara tatu kwa kitu kilekile.

#23 Bi Chapa

Hoja nzuri, na mimi ningeigawa upya bila kugusa jumla: nembo 420,000, lebo ya kwanza 220,000, mbili zinazofuata 90,000 kila moja, katoni 200,000, kusimamia faili na sampuli kwa mchapaji 130,000. Bado ni 1,150,000. Faida yake ni kwamba mteja akisema mwakani anataka chupa ya kilo 2, tayari anajua ni 90,000.

#24 MwanaKisauni

Kuna jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni umiliki wa mchoro. Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu huhesabika kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba msanifu wa Kenya asipoandika kitu, mteja anaweza kudai nembo ni yake hata kabla hajamaliza kulipa. Mimi huandika mstari mmoja tu: "Hakimiliki ya kazi itahamia kwa mteja siku malipo ya mwisho yatakapopokelewa." Yalinipata kwa hoteli moja ya pwani ambayo sitaitaja, iliyopaka nembo yangu kwenye gari ikiwa imelipa nusu, na sikuwa na karatasi ya kushika.

#25 Karani Mstaafu

Sheria ya Kenya haimfungi mtu wa Tabora, lakini mstari huo hauna ubaya kuuandika popote.

#26 Bi Chapa

Kalamu, nimeijaribu barua upya. Ichukue kama mfano, ubadilishe yasiyokufaa, na uitume ikiwa maandishi ya kawaida ndani ya ujumbe, si faili, kwa sababu aliyoitoa dada wa sabuni.

> Ndugu, ninawaandikia tena kuhusu nembo na lebo za asali yenu, kwa sababu barua yangu ya Juni 13 haikueleza vya kutosha suala la Nane Nane.
>
> Ili chupa zenu ziwe na lebo Agosti 1, faili za mwisho zinapaswa kumfikia mchapaji Julai 16. Siku zinazobaki ni za uchapaji, usafiri na ubandikaji. Kwa hiyo ninapendekeza kazi ianze Juni 22. Hadi Juni 29 mtakuwa mmepokea mapendekezo mawili ya nembo. Hadi Julai 4 mtakuwa mmechagua moja. Julai 10 mtapokea lebo tatu na katoni. Na Julai 14 mtathibitisha maandishi yote. Siku zikiongezeka upande wenu, tarehe ya Julai 16 itasogea kwa idadi hiyohiyo.
>
> Gharama ya usanifu ni shilingi 1,150,000: nembo 420,000, lebo ya kwanza 220,000, lebo mbili za nyongeza 180,000, katoni 200,000, usimamizi wa faili na sampuli kwa mchapaji 130,000. Gharama ya kuchapa haimo, nayo mtamlipa mchapaji moja kwa moja. Mkipenda kuanza na lebo bila katoni kwa msimu huu, gharama ni 950,000.
>
> Bei inajumuisha awamu mbili za marekebisho kwa nembo na awamu mbili kwa lebo. Awamu moja ni maoni yenu wote yaliyokusanywa na kuletwa kwa pamoja na mtu mmoja mtakayemteua. Awamu ya ziada ni shilingi 60,000.
>
> Malipo: 575,000 kabla ya kuanza, 345,000 nembo ikikubaliwa, na 230,000 kabla ya kukabidhiwa faili za mwisho, ambapo hakimiliki itahamia kwenu. Bei hii ni kabla ya kodi ya zuio, na itadumu hadi Juni 27.
>
> Ili nianze, ninahitaji kutoka kwenu chupa moja tupu ya kila ujazo, maandishi ya lebo yaliyokamilika, na namba za bakodi.

#27 Kasuku Mweupe

Barua imesimama, ila hiyo njia ya pili ya 950,000 ningeifuta. Ukimwonyesha mteja mlango wa bei nafuu, atapita humo hata kama alikuwa tayari kulipa yote.

#28 SabuniZaNyumbani

Mimi ningependa kuuona mlango huo. Kati ya wanne walioniandikia, niliyemchagua ndiye aliyeniambia ni kipi ninaweza kukiacha kwa sasa. Kuanzia hapo nilimwamini hata kwa vile ambavyo hakuvipunguza.

#29 Mzee wa Hesabu

Bei kudumu hadi Juni 27 ilhali kazi ianze Juni 22? Hapo pana mgongano. Akikubali Juni 26, ratiba yote imekufa.

#30 Bi Chapa

Mzee umenikamata. Bei na ratiba vitenganishwe. Bei idumu hadi Juni 27, lakini iandikwe wazi kwamba Julai 16 inawezekana tu kama kianzio kimepokelewa hadi Juni 22.

#31 Kalamu_ya_Sinza (Juni 19)

Nimeituma jana usiku ikiwa na marekebisho ya Mzee, na mlango wa 950,000 nimeuacha. Asubuhi hii wamejibu kwa mstari mmoja: "Tumepokea. Tutumie profoma yenye TIN na muhuri, jumla tu, kwa kazi yote na katoni."

#32 Karani Mstaafu

Si niliwaambia? "Jumla tu" ni lugha ya jalada. Karatasi ya tatu imepatikana.

#33 Nahodha77

Mzee Karani, mtu wa kujaza jalada hakumbuki katoni. Hawa wameisoma barua hadi mwisho.

#34 Mhasibu wa Kona

Huenda ni mhasibu wao tu anayetaka jumla ili apitishe malipo. Mimi huomba hivyohivyo kwa watu ambao nimekwisha kuamua kuwalipa, na pia kwa wale ambao sijaamua.

#35 Bi Chapa

Vyovyote iwavyo, jumla iwe moja lakini maelezo yasiwe "usanifu wa lebo". Andika "lebo 3, gramu 250, gramu 500 na kilo 1, bila uchapaji, awamu mbili za marekebisho", kisha tarehe ya kianzio chini yake. Profoma huishi kwenye faili muda mrefu kuliko barua, na ndiyo watakayoitoa siku mtakapobishana. Umewauliza kuhusu chupa?

#36 Kalamu_ya_Sinza

Profoma imekwenda saa nne na robo ikiwa na maneno hayo. Kuhusu chupa, wamesema wamempa kondakta wa basi boksi lenye chupa tatu, nikazipokee kesho stendi ya Magufuli. Kuhusu kianzio hawajasema chochote.

#37 Karani Mstaafu

Chupa tatu zimepandishwa basi? Hilo sikulitarajia. Tujulishe ifikapo tarehe 22.